Kurekodi skrini ya simu pamoja na sauti ya ndani, na pale inapogoma

Mwalimu mmoja wa kwaya alitaka kuwatumia waimbaji wake video fupi: kinanda cha kwenye simu kikipigwa, noti zikisikika, naye akieleza sauti ya pili inaingia wapi. Alirekodi akapata picha safi kabisa, lakini video ni bubu. Tulivyoirekebisha ni hivi.

1. Angalia toleo la simu

Android ilianza kuruhusu programu kunasa sauti inayochezwa na programu nyingine katika toleo la 10, mwaka 2019. Mwaka uliofuata, toleo la 11 likaja na kirekodi chake chenyewe. Kwa simu nyingi za Android 9 kurudi nyuma, kinachonaswa ni maikrofoni tu. iPhone ina kirekodi tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kama simu yako inacho, tumia hicho. Sipendekezi kupakua kingine.

2. Chagua chanzo cha sauti

Kwenye Android shusha paneli ya juu, gusa "Screen record", kisha uchague "Device audio". Samsung wameiita "Media sounds". Kwenye iPhone hakuna cha kuchagua: sauti ya ndani huingia yenyewe. Ukitaka na maikrofoni, bonyeza kwa muda mrefu kitufe cha kurekodi kilichopo Control Center, kisha uwashe Microphone.

3. Video ikitoka bubu

Usianze kubadilisha mipangilio ovyo. Kwanza tafuta anayekataa ni nani, simu au programu. Cheza wimbo uliohifadhiwa kwenye simu, urekodi sekunde kumi, kisha usikilize. Wimbo usiposikika, tatizo liko kwenye simu: toleo ni la zamani au chanzo hakijachaguliwa. Wimbo ukisikika na programu yako ikabaki kimya, basi programu ndiyo inayokataa.

Kwa mwalimu, wimbo ulisikika vizuri, kinanda kikabaki kimya. Android humwachia mtengenezaji wa programu haki ya kuzuia sauti yake isinaswe. Zaidi ya hapo, programu iliyotengenezwa kwa kulenga Android 9 au ya nyuma yake huzuiwa moja kwa moja, hata kama mwenyewe hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Kinanda chake kilikuwa cha siku nyingi na hakijasasishwa. Tuliweka kingine kinachosasishwa, noti zikasikika mara moja.

Kama huwezi kubadilisha programu na una kompyuta, njia ninayoiamini kuliko zote ni scrcpy, programu ya kompyuta inayoonyesha na kurekodi skrini ya simu ya Android. Ni ya bure, na kuanzia toleo lake la 2.0 inachukua sauti kutoka Android 11 kwenda juu. Washa "USB debugging" kwenye simu, chomeka waya kwenye kompyuta, kisha andika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

```
scrcpy --record=somo.mp4
```

Faida yake ni kwamba kwa kawaida inachukua mkondo mzima wa sauti inayotoka kwenye simu, haiiombi programu moja moja. Kwa hiyo hata programu iliyokataa kirekodi cha simu husikika. Usishtuke spika ya simu ikinyamaza, kwa sababu sauti imehamia kwenye kompyuta. Kwenye Android 11, hakikisha skrini imefunguliwa kabla ya kuanza, la sivyo sauti haitaingia.

Kuna mambo ambayo hata scrcpy haiyatatui. Programu nyingi za benki huzuia skrini yenyewe, ukapata weusi mtupu. Filamu za kulipia nazo ni hivyohivyo, kwenye Android na kwenye iPhone. Na kirekodi cha simu hakinasi sauti ya mtu unayeongea naye kwenye simu, kwa sababu sauti ya mazungumzo haihesabiwi kuwa ya kuchezwa kama muziki. Somo linalohitaji simu ya sauti litafutie njia nyingine.

4. Weka maelezo yako

"Device audio and microphone" inavutia, ila spika ikiwa wazi kila noti huingia mara mbili: kwanza kwa ndani, kisha kupitia maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo. Utasikia kama mtu anapiga kinanda ndani ya pipa. Vaa hedifoni za waya, mwangwi huo unaisha. Za Bluetooth naziepuka, kwa sababu maikrofoni yake ikiwashwa ubora wa sauti mara nyingi hushuka, na noti utakayoisikia hufika ikiwa imechelewa baada ya kidole kugusa.

Mimi hupenda kurekodi sauti ya ndani peke yake, kisha nikasoma maelezo baadaye juu ya video wakati wa kuihariri. Mwalimu alifanya hivyo. Alipokosea neno, alirudia sentensi ile tu, kinanda hakukigusa tena.

5. Zima arifa

Washa "Do Not Disturb" kabla ya kubonyeza kitufe. Ujumbe ukiingia katikati, jina la aliyeutuma litaonekana kwa waimbaji wote, na mlio wake unaweza kuingia juu ya noti.