SOMO: Kujua kiyoyozi cha chumba cha seva kinaishiwa nguvu kabla joto halijapanda

Wakuu salaam. Kila wiki naulizwa inbox lile lile, "nimeweka sensa ya joto chumba cha seva, niweke onyo kwenye nyuzi ngapi?" Naandika hapa mara moja, wanaouliza nitawatumia linki.

Jibu fupi: joto la chumba ndiyo dalili ya mwisho kabisa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo 2.8, hewa yake ni kama kilo 47 tu. Seva za kilowati 5 zinaweza kuipandisha hewa hiyo nyuzi 1 kwa kama sekunde 10. Raki na kuta zinameza sehemu ya joto kwa hiyo kiuhalisia inachukua muda zaidi, lakini ukisubiri ifike 27 ndiyo upigiwe simu, na wewe upo foleni ya Mwenge, umeshachelewa.

Mfano wangu ni viyoyozi vya spliti vya kawaida vya kuwaka na kuzima, kama vilivyo ofisi nyingi za Dar.

1. Vifaa. Bodi ya ESP32 moja, sensa ya joto na unyevu ya SHT31 moja, na sensa ya joto ya DS18B20 yenye waya kwa kila kiyoyozi. DHT22 badala ya SHT31 pia itafanya kazi, ila unyevu wake unayumba zaidi.

2. SHT31 iweke mbele ya raki, upande seva zinapovuta hewa, usawa wa kifua. Isigusane na ESP32, bodi inapata moto na itakudanganya.

3. DS18B20 ifunge mdomoni mwa kiyoyozi, katikati ya hewa baridi inayotoka, isiguse plastiki. Feni iweke spidi moja isiyobadilika, siyo auto.

4. Soma kila sekunde 30, tunza data. Hifadhi popote unapopazoea.

5. Hesabu kompresa inafanya kazi asilimia ngapi ya saa. Hapa ndipo wengi wanaharibu, someni taratibu. Kompresa ikiwaka, mdomo unashuka hadi kama 12 au 13, ikizima mdomo unapanda kukaribia joto la chumba. Kwa hiyo sensa ya mdomoni inakuambia kompresa imewaka au imezima bila kugusa waya wowote wa umeme.

```python
# c = chumba, m = mdomo, vipimo vya saa 1
kazi = sum(a - b > 6 for a, b in zip(c, m)) / len(m)
```

Sasa hesabu ya juu juu. Kiyoyozi cha BTU 18,000 ni kama kilowati 5.3, seva zako zinatoa joto la kilowati 3.2, kwa hiyo kompresa itafanya kazi kama asilimia 60 ya saa. Gesi ikianza kuvuja taratibu nguvu ikabaki 3.7, kompresa itafanya kazi asilimia 86, na chumba BADO kinasoma 22 kwa sababu themostati inakilazimisha kifike pale. Umepoteza karibu theluthi ya ubaridi na grafu ya joto imenyooka kabisa. Siku nguvu ikishuka chini ya 3.2 ndiyo joto linaanza kupanda, na hapo halirudi.

ONYO: usiweke kikomo kimoja cha siku nzima. Saa nane mchana kiboksi cha nje kinachomwa na jua, kompresa itafanya kazi zaidi kuliko saa tisa usiku, hiyo ni kawaida. Kusanya wiki moja kiyoyozi kikiwa kimetoka sevisi, kisha linganisha saa ile ile na saa ile ile. Ikizidi kwa pointi 15 siku tatu mfululizo, ita fundi. ONYO la pili: kama una viyoyozi viwili vinavyopokezana, kila kimoja kipimwe peke yake, ukivichanganya kizima kinamficha mgonjwa.

6. Unyevu usiusome kama asilimia. Asilimia inabadilika joto likibadilika hata kama maji yaliyomo hewani ni yale yale: hewa ya nyuzi 23 na unyevu 50 ukiipasha hadi 27, inasoma 39. Ukiweka onyo la "unyevu ukipanda", kiyoyozi kinaweza kufa na namba ikashuka, wewe unaona mambo safi. Geuza iwe joto la umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipozwa hadi hapo inaanza kutoa maji:

```python
import math

def umande(t, rh):
    g = math.log(rh/100) + 17.62*t/(243.12+t)
    return 243.12*g/(17.62-g)
```

Chumba cha 23 na unyevu 50, umande ni 12. Kompresa ikikata feni ikaendelea, maji yaliyobaki kwenye koili ya ndani yanarudi hewani, na huku pwani msimu wa joto hewa ya nje inayopenya inaweza kuwa na umande wa 23 au zaidi. Ukikuta chumba 24 na unyevu 58, joto limepanda nyuzi 1 tu lakini umande umefika 15. Kanuni yangu: umande ukipanda nyuzi 2 ndani ya dakika 10 na mdomo hauna baridi, kompresa imekata. Umande ukipanda na mdomo bado una baridi, kuna mtu kaacha mlango wazi.

7. ESP32 na swichi viwe kwenye UPS, na meseji ipite kwenye laini ya GSM, siyo intaneti ya ofisi peke yake. Data isipofika dakika 5, hilo nalo ni onyo.

Karibuni maswali.

---

fundi_wa_kariakoo: Mkuu kwa hiyo onyo niweke nyuzi ngapi?

Mwandishi: Soma hatua ya 5.

fundi_wa_kariakoo: Nimesoma ila ni ndefu, nipe namba tu

Mwandishi: Namba yangu haitakusaidia kwenye chumba chako. Weka 27 kama onyo la mwisho, zingine kusanya mwenyewe wiki moja.

mama_swichi: Asante sana kaka. Swali: changu tofauti ya chumba na mdomo imeongezeka, zamani 10 sasa 14. Si ndiyo kimekuwa na nguvu zaidi?

Mwandishi: Dada swali zuri sana hili, nilipaswa kuliandika juu. Hapana. Hewa ikipita kidogo kwenye koili inatoka baridi zaidi, lakini ni kidogo, kwa hiyo ubaridi wote kwa jumla umepungua. Angalia asilimia ya kazi, kama nayo imepanda basi filta imeziba au koili inaanza kuganda barafu. Fungua filta leo. Tofauti ikipungua hadi 7 au 8 huku asilimia inapanda, hapo shuku gesi au koili ya nje chafu. Ukiosha filta, linganisha tena kesho saa ile ile.

mama_swichi: Nimefungua, filta imejaa vumbi kama blanketi. Nimeosha, mdomo umerudi tofauti ya 10.

Mwandishi: Safi kabisa.

bwana_raki: Hii haifanyi kazi, nimejaribu asilimia iko 100 muda wote.

Mwandishi: Kiyoyozi chako ni inveta?

bwana_raki: Ndiyo

Mwandishi: Nimeandika juu kabisa "vya kuwaka na kuzima". Inveta kwa kawaida haizimi, inapunguza spidi. Kwako pima umeme inaokula, ukipanda saa ile ile na seva hazijaongezeka, ndiyo dalili yako. Hatua ya 6 inakuhusu kama kawaida.

kijana_wa_tanga: Kwetu umeme ukikatika jenereta inawaka, seva zinaendelea ila kiyoyozi kinabaki kimezima hadi mtu aende na rimoti. Sensa itaona?

Mwandishi: Itaona. Kila umeme wa jenereta unaporudi, hesabu dakika 10, mdomo ukiwa bado sawa na chumba tuma meseji. Halafu mwambie fundi akuwekee kurudi chenyewe baada ya umeme, modeli nyingi zina mpangilio huo ila umezimwa.

kijana_wa_tanga: Na nitajuaje kama onyo lenyewe linafanya kazi bila kuua seva?

Mwandishi: Panga themostati 30 ukiwa umesimama pale pale. Kompresa itakata, feni itaendelea, mdomo utapanda na umande utafuata. Meseji ikifika rudisha 22. Chumba kikifika 26 meseji haijaja, rudisha na uangalie salio la laini kwanza.