Kuhamishia krimu na fondesheni kwenye vikopo vya safari bila kuziharibu

Kutoka Lamu kwenda Nairobi ni boti hadi Mokowe, kisha basi mchana kutwa hadi Mombasa, halafu safari nyingine tena. Mimi hupamba maharusi na njia hiyo naijua vizuri. Makopo makubwa hayabebeki, kwa hiyo unatoa kidogo kidogo, na hapo ndipo vitu vinapoharibika. Safari moja nilisuuza kikopo kwa maji ya bomba, nikakipangusa kwa kanga, nikatia krimu ya uso. Siku ya sita krimu ilikuwa imetoa maji juu na kunuka uchachu, na mashavu yangu yamejaa vipele.

Sababu yake ni hii: krimu ni maji na mafuta yaliyochanganywa, ikatiwa na dawa ya kuzuia vijidudu kwa kipimo maalumu. Tone la maji likiingia, linaleta vijidudu na papo hapo linaipunguza nguvu dawa ile. Mafuta matupu na poda kavu havina tabu hiyo, mradi vibaki vikavu.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kumimina. Chukua mfano wa siku 10. Uso wangu hula nusu mililita ya krimu asubuhi na nusu usiku, basi nahitaji mililita 10, na kikopo cha mililita 15 kinatosha. Fondesheni ni nusu mililita kwa siku, jumla mililita 5.

Hatua ya 2: Tenga visivyohamishwa. Mafuta ya kukinga jua yabaki kwenye tyubu yake, na seramu ya vitamini C pia, kwa kuwa hewa na mwanga huigeuza rangi ya kahawia na kuiua nguvu. Maskara usiiguse kabisa.

Hatua ya 3: Osha na ukaushe, usiku wa kuamkia kazi. Tumia sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kung'uta, halafu pindua kikopo na kifuniko chake juu ya tishu safi hadi asubuhi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hiyo usiamini macho. Funga kikopo, kiweke juani dakika chache, kisha ukirudishe kivulini. Ukiona ukungu kwa ndani, bado kina maji.

Kikikauka kweli, tia spiriti ya asilimia 70 isiyo na mafuta wala manukato, izungushe hadi ifike kwenye nyuzi za kifuniko, imwage, na ukiache kikauke chenyewe. Usikipanguse. Spiriti kali kuliko hiyo si bora, maana huruka kabla haijamaliza kazi. Fanya hivi mbali na jiko. Kikopo cha plastiki ngumu inayong'aa kama kioo huingia nyufa kwa spiriti. Tafuta chenye nambari 5 ndani ya pembetatu chini yake.

Hatua ya 4: Hamisha. Zima feni, isije ikapeperusha vumbi. Nawa mikono, ikauke. Chota kwa kijiko kidogo kilichopanguswa kwa spiriti na kukauka, kamwe si kwa kidole, na ukichota zaidi usirudishe kwenye kopo kubwa. Fondesheni ya kubonyeza, pangusa mdomo wake, bonyeza mara moja na uitupe hiyo ya kwanza, ndipo uanze kujaza. Kama unapanda ndege, acha robo ya kikopo wazi, kwa sababu hewa iliyofungiwa hutanuka huko juu na kusukuma krimu nje. Bandika karatasi yenye jina na tarehe. Bila tarehe, utakuja kukisia.

Rangi ya mdomo naikata kipande kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, nakishindilia kwenye kijumba cha kisanduku cha vidonge, na naipaka kwa brashi. Visanduku vya namna hiyo hubeba rangi 5 pahali pa moja.

Hatua ya 5: Panga. Vya majimaji vikae kwenye mfuko wa zipu, brashi kavu kwenye mfuko wake. Kipochi ukipakate, usikitie kwenye buti la basi, kwani joto la humo huyeyusha rangi ya mdomo na kutenganisha krimu. Viwanja vingi vya ndege, kwa safari za kimataifa, hutaka kila chombo cha majimaji cha mkononi kisizidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonesha vya ndani.

Ukiwa njiani, angalia kabla ya kupaka: maji juu, harufu mpya, rangi iliyobadilika au madoa, tupa. Lakini vijidudu vinaweza kuwepo bila dalili yoyote, ndiyo maana krimu niliyohamisha siiweki zaidi ya mwezi. Ukirudi, iliyobaki usiimimine kwenye kopo kubwa. Itupe, kisha urudie hatua ya 3 tangu mwanzo.