Somo: Kwa Nini Kihisi cha Sukari Huchelewa Nyuma ya Kidole, na Kwa Nini Hulia Usiku Ukilalia Mkono

Somo hili ni kwa wanachama wanaovaa kihisi cha sukari nyuma ya mkono na ambao, kila wanapotoboa kidole ili kuhakiki, hupata namba mbili zisizolingana. Wengi huhitimisha kwamba kihisi ni kibovu. Mara nyingi si kibovu, bali vifaa hivi viwili havipimi mahali pamoja.

Tone la damu la kidoleni linaonyesha sukari iliyomo kwenye mishipa wakati huohuo. Kihisi hakigusi damu kabisa. Uzi wake mwembamba huingia takribani nusu sentimita chini ya ngozi na kukaa katika majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hufika huko baada ya kupenya kuta za mishipa midogo. Ndugu zetu wa Iringa wanaolima vinyungu wataelewa haraka: maji yakijaa mtoni, bustani ya bondeni hailowi papo hapo, na mto ukipungua, bustani hubaki na unyevu kwa muda. Juu ya ucheleweshaji huo wa mwili, kifaa chenyewe huongeza dakika chache, kwa sababu hulinganisha vipimo kadhaa vilivyopita ili namba isirukeruke. Ukijumlisha yote, kihisi huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10, na sukari inapokwenda kasi pengo linaweza kufika dakika 15.

Hatua ya kwanza: soma mshale unaoonekana kwenye skrini ya kihisi kabla ya namba. Mshale uliolala unamaanisha kwamba sukari imetulia, na hapo kuchelewa hakuna madhara, kwa kuwa namba ya dakika 10 zilizopita ni karibu sawa na ya sasa. Mshale uliosimama wima, kwa vihisi vingi, unamaanisha kwamba sukari inabadilika kwa zaidi ya 0.1 mmol/L kila dakika. Tuseme umekula ugali na maharage mchana, na sukari inapanda kwa 0.15 kila dakika. Kihisi kilicho nyuma kwa dakika 10 kitakuwa chini ya damu kwa 1.5. Skrini itasema 9.0 wakati kidole kinasema 10.5, na vyote viwili vitakuwa vimefanya kazi yake sawasawa. Sukari ikishuka, kosa hugeuka upande wa pili, na huo ndio upande wa hatari: skrini inaweza kusema 4.8 huku damu tayari iko 3.6. Kwa hiyo anayetetemeka na kutoka jasho asibishane na skrini; atoboe kidole, na kama hana kifaa karibu, atibu kwanza.

Hatua ya pili: chagua saa ya kulinganisha. Linganisha wakati mshale umelala, angalau saa tatu baada ya chakula na insulini ya chakula, wala usifanye hivyo mara baada ya kupanda mlima au kulima. Asubuhi kabla ya chai ni wakati mzuri kwa wengi. Siku ya kwanza baada ya kubandika kihisi kipya haifai kwa hukumu yoyote, kwa sababu ngozi bado ina jeraha dogo na vipimo huyumba.

Hatua ya tatu: toboa kidole ipasavyo. Hapa nyanda za juu kidole nacho kina makosa yake, nami huyaona kliniki mara nyingi zaidi kuliko makosa ya kihisi. Mtu aliyemenya ndizi mbivu bila kunawa anaweza kupata namba ya juu isiyo yake. Mwezi wa Juni na Julai vidole huwa baridi, damu haitoki, mtu anakamua kwa nguvu, na tone linachanganyika na majimaji ya tishu. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, ning'iniza mkono chini kidogo, kisha toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Mashine nazo zina kiwango cha joto zinamofanyia kazi, ambacho kwa nyingi huanzia karibu nyuzi 10. Iliyolala dirishani Makete inaweza kukataa kupima au kutoa namba isiyoaminika, hivyo ilaze chumbani penye joto.

Hata ukifanya yote hayo, usitarajie namba kufanana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinairuhusu mashine ya kidole kukosea hadi asilimia 15 kwa namba zinazoanzia 5.55 mmol/L, na hadi 0.83 kwa namba zilizo chini ya hapo. Kidole kikisema 8.0, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takribani 7 na 9. Kihisi kinachosema 7.3 wakati huo hakina kosa la kujadiliwa.

Hatua ya nne: baada ya kutibu sukari iliyoshuka, fuata kidole. Ukinywa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji, yaani takribani gramu 15, damu huanza kupanda kabla ya kihisi kujua. Baada ya dakika 15 kidole kinaweza kusoma 5.1 huku skrini ikiendelea kuonyesha 3.3 na kulia. Anayeitii skrini hunywa tena, kisha tena, na baada ya saa moja anajikuta na 15. Kosa hili ni la kawaida mno, nalo ndilo linalofanya watu waseme kwamba kihisi kinawaharibia sukari.

Usiku, mkono unapolaliwa

Sasa tuje kwenye kengele ya usiku. Ukilalia mkono wenye kihisi, uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya mahali hapo, damu inapungua, na majimaji yanasukumwa pembeni. Seli za pale zinaendelea kutumia sukari iliyobaki, lakini mpya haiji kwa kiasi cha kutosha. Kihisi kinapima kwa uaminifu sukari iliyopungua katika sehemu hiyo ndogo, wakati sehemu nyingine zote za mwili ziko salama.

Chukueni mfano wa mama mmoja wa Makambako, fundi cherehani, anayetumia insulini ya mchanganyiko wa 30/70 asubuhi na jioni. Kihisi kiko mkono wa kushoto, na kwa baridi ya Julai hulala kwa ubavu wa kushoto, amejikunja chini ya mablanketi mawili. Saa saba na nusu usiku grafu ilisoma 7.4, imetulia. Dakika 20 baadaye ilisoma 3.4 na kengele ikalia. Hilo ni anguko la 0.2 kila dakika kutoka kwenye mstari uliotulia. Hakuwa na jasho wala njaa. Alitoboa kidole cha mkono wa kulia, akapata 7.1. Akalala chali, na baada ya dakika 25 skrini ikarudi 6.9 bila yeye kula kitu.

Dalili za kushuka kwa uongo zote zimo humo: mstari unaanguka ghafla kutoka kwenye utulivu, unabaki chini kadiri mkono unavyobanwa, kisha unapanda upesi mtu anapogeuka. Sukari inayoshuka kweli usiku kwa kawaida huteremka polepole kwa saa moja au zaidi, na haipandi kwa sababu umegeuka. Hata hivyo, grafu peke yake isiwe hakimu. Insulini ya mchanganyiko iliyochomwa jioni ina sehemu ya kazi ndefu ambayo nguvu yake hufika kileleni katikati ya usiku, kwa hiyo mama huyu angeweza kabisa kuwa na sukari iliyoshuka kweli saa hiyohiyo. Kilichoamua ni kidole.

Utaratibu ni huu. Kengele ikilia, ondoa uzito juu ya mkono, na papo hapo toboa kidole cha mkono usiolaliwa. Kikiwa chini ya 3.9, tibu. Kikiwa juu, kaa bila kuubana mkono na utazame tena baada ya dakika 15 hadi 30. Kama kifaa cha kupimia hakipo au stripu zimekwisha, chukulia kwamba sukari imeshuka kweli. Sukari ya vijiko vitatu isiyohitajika hurekebishika asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Mafinga:* Shikamoo muuguzi. Mwanangu wa miaka tisa hulalia kihisi karibu kila usiku. Nikimgeuza na namba ikaanza kupanda, naweza kuacha kumtoboa?

Marahaba mama. Mtoboe, maana mtoto aliyelala hawezi kukueleza dalili, na wengi hutobolewa bila kuamka. Kihisi kijacho kibandike mkono wa upande asioupenda kulalia, na uegemeze mto mgongoni asigeukie huko. Kengele usiizime.

*Mzee wa Tukuyu:* Mimi ninameza propranolol ya presha. Sitetemeki hata sukari ikiwa chini. Nitajuaje?

Shikamoo mzee. Dawa hiyo hupunguza kutetemeka na mapigo ya moyo, lakini jasho kwa kawaida hubaki. Kwako kukosa dalili hakuthibitishi kwamba kengele ni ya uongo, hivyo kila kengele ya usiku ihakikiwe kwa kidole. Mweleze pia daktari wako jambo hili, ila dawa usiiache mwenyewe.

*Kijana wa Iringa mjini:* Stripu ni ghali, na kihisi nacho kimenigharimu. Nipunguze wapi kutoboa?

Punguza mchana, mshale ukiwa umelala na mwili ukikubaliana na namba. Stripu zako ziweke kwa ajili ya kengele ya usiku, dalili zisizolingana na skrini, dakika 15 baada ya kutibu, na siku ya kwanza ya kihisi kipya.

*Dada wa Njombe:* Kihisi changu kinaruhusu kuingiza namba ya kidole ili kijirekebishe. Kilipodanganya usiku niliingiza 6.8 palepale. Asubuhi kilisoma juu mno. Vimehusiana?

Ndiyo dada, yaelekea sana. Kihisi kilichobanwa kilikuwa kinasoma sukari ndogo, ukakiambia kwamba hiyo ndiyo 6.8, kikaongeza kipimo chake. Mkono ulipoachiwa, kiliendelea kuongeza. Namba ya kidole iingizwe tu mshale ukiwa umelala na mkono ukiwa huru kwa angalau nusu saa. Ingiza nyingine kwa masharti hayo, kabla ya chai ya asubuhi, na hadi utakapofanya hivyo dozi zako zipange kwa kidole.