Somo: Kulinganisha meseji za miamala na taarifa ya akaunti

Wauza dagaa wenzangu wa Mwaloni, swali la "hela yangu imeliwa?" nimelichoka. Naandika mara moja.

1. Chukua taarifa ya miamala ya siku unazotilia shaka kutoka mtandao wako. Meseji usifute hata moja.

2. Panga meseji kwa saa iliyoandikwa ndani yake. Saa ya kuingia kwenye simu inadanganya: ukikosa mtandao ukiwa kwenye kivuko cha Nansio, meseji za asubuhi zinamwagika zote mchana.

3. Oanisha kwa namba ya muamala, kamwe si kwa kiasi. Wateja wawili wanaweza kulipa 85,000 ndani ya dakika moja. Meseji mbili zenye namba ileile na salio lilelile ni hela moja, ujumbe umejirudia tu. Namba zikitofautiana, jina la mteja likawa lilelile kwa mzigo mmoja na salio likapanda kwa kila meseji, mteja kalipa mara mbili kweli, na anakudai. Angalia pia makato: meseji inayataja humo humo, lakini taarifa inaweza kuyaweka mstari wake. Mistari miwili yenye namba moja usiiite wizi.

4. Fuata salio. Mfano: meseji ya kwanza inaacha salio 497,000. Inayofuata inasema umetuma 60,000, makato 1,500, salio 515,500. Piga hesabu: ilipaswa kubaki 435,500. Kuna 80,000 iliyoingia katikati bila meseji. Itafute kwenye taarifa kati ya saa hizo mbili, utaikuta na namba yake. Nayo usipoiona, piga huduma kwa wateja ukiwa na namba za meseji zote mbili.

Maswali

*Wa Igoma:* Mkuu, meseji ninayo ila kwenye taarifa hakuna kitu. Wamekula?

*Jibu:* Imetoka kwa nani, jina la mtandao au namba ya mtu?

*Wa Igoma:* Namba ya kawaida. Mzigo nishampa.

*Jibu:* Basi hiyo imeandikwa na mtu, haina muamala nyuma yake. Salio lako halikupanda, ungeliangalia kabla ya kutoa gunia. Nenda polisi na hiyo namba.

*Mama wa Igombe:* Kaka, na benki? Nililipwa Jumamosi jioni, taarifa inaonyesha Jumatatu.

*Jibu:* Swali zuri, mama. Benki nyingi zinaandika tarehe mbili: siku muamala ulipofanyika na siku ulipoingizwa kwenye hesabu. Wikiendi zinaachana. Ukifunga mahesabu ya mwezi tarehe ya mwisho ikawa Jumapili, chukua taarifa mpaka siku mbili tatu za mwezi unaofuata, vinginevyo utahesabu pengo ambalo halipo.

*Wa Nansio:* Mimi simu ikijaa nafuta meseji za zamani.

*Jibu:* Hatua ya 1.

*Mama wa Igombe:* Mimi namba ya muamala naiandika kwenye daftari pembeni ya jina la mteja, herufi nne za mwisho tu.

*Jibu:* Mama, hiyo naichukua.