Somo: Kupima betri na joto la laptopu iliyotumika miezi kadhaa

Mtu akisema "betri yangu ilikuwa inakaa zaidi ya saa nane, sasa inakaa tano na nusu", bado hajaonyesha tatizo liko wapi. Muda huo unategemea vitu viwili: umeme ambao betri bado inaweza kubeba, na umeme ambao mashine inakula kila saa. Betri ikichakaa, muda unapungua. Mashine ikianza kula zaidi, muda unapungua vilevile, hata kama betri ni nzima. Wengi hununua betri mpya bila kutenganisha haya mawili, na wanashangaa hali ikibaki ileile.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: laptopu ya inchi 14 yenye betri ya wati-saa 50, imetumika miezi minane, na mtengenezaji aliahidi saa nane za video.

Kabla ya kupima chochote, iweke juu ya meza tambarare. Ikiyumba wakati zamani haikuyumba, au padi ya kipanya imekuwa ngumu kubonyea, au kava la chini limeachana na fremu, betri imevimba. Hapo usipime na usichaji. Izime, ichomoe kwenye umeme, mpelekee fundi aitoe betri.

Hatua ya 1: Betri inabeba kiasi gani

Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika hivi:

```
powercfg /batteryreport /output "C:\Users\Public\betri.html"
```

Fungua faili hilo kwa kivinjari. Mistari miwili ndiyo ya kutazama: `DESIGN CAPACITY`, yaani kiasi ambacho betri iliundwa kubeba, na `FULL CHARGE CAPACITY`, kiasi inachobeba sasa ikijaa. Namba ziko kwa mWh, kwa hiyo gawanya kwa 1,000 upate wati-saa. Kwenye mfano wetu ripoti inaonyesha 50,000 na 43,500. Gawanya 43,500 kwa 50,000 unapata asilimia 87.

Usiishie hapo, maana namba ya pili ni makadirio ya kifaa kidogo ndani ya betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Laptopu ikikaa kwenye chaja wiki nyingi bila kushuka, hesabu hiyo inapotea. Shuka chini hadi `Battery capacity history` utazame wiki baada ya wiki. Betri inayochakaa kawaida hushuka kidogo kidogo. Ukiona imeruka kutoka 47,000 hadi 39,000 kati ya wiki mbili, kwanza shuku hesabu.

Ili kuirudisha hesabu, ondoa kikomo cha chaji cha asilimia 80 kama umekiweka, ijaze hadi 100, iache kwenye chaja saa mbili zaidi, kisha ichomoe uitumie hadi ijizime yenyewe. Iache ipoe, ichaji moja kwa moja hadi ijae, utoe ripoti upya. Fanya hivi mara moja tu kwa ajili ya kipimo. Kuimaliza betri kila wiki kunaichosha.

Hatua ya 2: Mashine inakula kiasi gani

Hapa kosa kubwa ni kupima saa bila kufunga masharti. Zima mwangaza unaojirekebisha, uweke asilimia 50. Zima kiokoa betri, kwa sababu kinajiwasha chaji ikishuka na kufanya nusu ya pili ya kipimo iwe rahisi kuliko ya kwanza. Weka skrini isijizime. Acha waifai imewashwa, sauti asilimia 20, na programu nyingine zote zifungwe.

Chukua faili moja la video lililo ndani ya diski, la 1080p, ulicheze kwa kurudiarudia. Usitumie video ya mtandaoni, kwa kuwa ubora wake hubadilika mtandao ukiyumba na ulaji hubadilika nao. Anza ikiwa 100, simamisha ikifika 10. Chini ya hapo asilimia haziaminiki sana, na Windows kwa kawaida hulaza mashine karibu na 5.

Toa ripoti tena. Kwenye `Recent usage` kila mstari una saa na mWh zilizobaki, kwa hiyo huhitaji kukaa na saa mkononi. Kwenye mfano, kutoka 43,500 hadi 4,350 zimetumika 39,150, na imechukua saa 6 na dakika 31. Gawanya wati-saa 39.15 kwa saa 6.52: mashine inakula wati 6.

Sasa ahadi ya mtengenezaji inapimika. Kwa wati 6, betri mpya ya wati-saa 50 ingekaa saa 8 na dakika 20. Kwa hiyo aliposema nane hakudanganya. Leo, kwa wati-saa 43.5, inakaa saa 7 na robo. Uchakavu umekula saa moja na dakika tano, basi. Yule anayelalamika kwamba inakaa saa tano na nusu anakula karibu wati 8 (43.5 gawanya kwa 5.5), na zile wati mbili za ziada hazipo kwenye betri. Azitafute kwenye Task Manager, aguse kichwa cha safu ya CPU ili programu zinazokula zipande juu. Mara nyingi ni kivinjari chenye vichupo vingi, programu ya kusawazisha mafaili, au video ambayo kadi ya picha haiwezi kuifungua, kazi yote ikaangukia prosesa.

Rudia kipimo hichohicho kwa kazi yako ya kila siku. Ukipata wati 9, saa zako halisi ni 4 na dakika 50, na hiyo ndiyo namba ya kumwambia anayetaka kununua mashine kama yako.

Hatua ya 3: Joto la ndani

Weka kipimajoto cha ukutani mita moja kutoka kwenye laptopu, mbali na upande unaotoa hewa moto, uandike joto la chumba. Bila namba hiyo kipimo hakina maana. Laptopu iliyofika nyuzi 86 kwenye chumba cha nyuzi 22 Nairobi itakaribia 95 kwenye chumba cha nyuzi 31 Dar es Salaam, bila chochote kuharibika, kwa sababu feni inapoza kwa hewa iliyopo chumbani. Cha kulinganisha ni tofauti: 86 toa 22 ni nyuzi 64. Baada ya miezi sita, tofauti ikiwa 65 hakuna kilichobadilika. Ikiwa 74, vumbi limeziba mapezi ya kupozea au pesti ya prosesa imekauka.

Chomeka chaja, betri iwe imejaa ili joto la kuchaji lisichanganyike. Fungua HWiNFO64, programu inayosoma vipimo vya ndani ya mashine, kwa `Sensors-only`. Kisha fungua Cinebench R23, programu inayoibebesha prosesa mzigo mzito na kuipa alama kwa kasi yake, uweke `Minimum Test Duration` iwe `Off`, uendeshe mara moja mashine ikiwa baridi, uandike alama. Badilisha iwe dakika 30, uendeshe, uandike alama ya mwisho pamoja na joto la `CPU Package`.

Hapa ndipo wapimaji wengi wanapotea. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina dari karibu na nyuzi 100. Zikiigusa, zinapunguza kasi ili zisipande zaidi. Kuanzia hapo joto haliwezi kukuambia kitu: mashine chafu na mashine safi zote zitaonyesha 98 hadi 100. Tofauti inahamia kwenye alama. Ikiwa alama ya kwanza ni 6,000 na ya mwisho 5,100, umepoteza asilimia 15.

Ila kushuka huko si lazima kuwe ni joto. Watengenezaji huruhusu prosesa ivute wati nyingi kwa muda mfupi tu, kisha inashushwa kwa makusudi. Kwenye HWiNFO64 tazama `Core Thermal Throttling`. Ikisema `Yes`, joto ndilo linalokata kasi. Ikisema `No` na `Power Limit Exceeded` ikasema `Yes`, ni kikomo cha umeme, na kusafisha feni hakutaongeza kitu.

Hatua ya 4: Joto la nje

Dai la "haichomi mapajani" linapimwa kwa kipimajoto cha miale, kile chenye umbo la bastola. Kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Bandika vipande vya utepe mweusi wa mafundi umeme sehemu tatu: juu ya herufi G, pale kiganja kinapolala, na katikati ya kava la chini. Aluminiamu inayong'aa huakisi joto la vitu vingine na kukupa namba ya chini kuliko ukweli. Utepe unaondoa kosa hilo. Pima dakika ya 30 ya mzigo wa Cinebench, kipimajoto kikiwa sentimita 10 hivi kutoka kwenye utepe, na uandike tena joto la chumba.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ripoti yangu inaonyesha FULL CHARGE CAPACITY kubwa kuliko DESIGN CAPACITY. Nimeuziwa betri feki?*

Hapana, si lazima. Betri mpya nyingi hutoka na ziada kidogo juu ya kilichoandikwa, hivyo asilimia 102 au 104 ni kawaida. Shuku betri ikiwa namba mbili ni zilezile kabisa na hazisogei miezi yote huku muda wa kukaa unapungua. Hapo kipimo cha hatua ya 2 ndicho hakimu: kama imezima mapema kuliko mWh zinavyosema, kifaa cha kuhesabu kinadanganya.

*Nina ThinkPad T480, ripoti ina betri mbili. Nichukue ipi?*

Jumlisha zote. Moja iko ndani, ya wati-saa 24, nyingine inachomolewa kwa nje na huuzwa kwa ukubwa tofauti. Lakini hesabu asilimia ya kila moja peke yake kwanza, maana hazichakai sawa: mashine humaliza moja kabla ya kuhamia nyingine. Ukikuta moja iko 90 na nyingine 55, badilisha hiyo ya 55 tu.

*Dada mmoja hapa ofisini anatumia laptopu juu ya mto kitandani na inazidi kupiga kelele. Hilo linaweza kupimika?*

Linapimika vizuri. Fanya hatua ya 3 ukiwa mezani, andika alama ya mwisho. Iache ipoe nusu saa, weka vitabu viwili chini ya ukingo wa nyuma ili hewa ipite, rudia. Alama ikipanda wazi, matundu ya chini ndiyo yanayokosa hewa, na mto unayaziba kuliko meza. Usipime ikiwa juu ya mto kwa dakika 30.

*Nimesafisha feni na kubadilisha pesti, joto likabaki 97 kama mwanzo. Fundi kanila hela?*

Ulilinganisha alama? Kama kabla ilikuwa 5,100 na sasa ni 5,800 kwa joto lilelile la chumba, kazi imefanyika: prosesa inafanya kazi zaidi kabla ya kugusa dari, na dari haijasogea. Kama alama nayo imebaki 5,100 na `Core Thermal Throttling` bado ni `Yes`, rudi kwake afungue atazame kama sahani ya kupozea imekaa sawa juu ya prosesa na skrubu zote zimekazwa.