Akikuandikia "sijui nianzie wapi", mjibu hivi

Ukikaa zamu kwenye huduma ya ushauri nasaha kwa ujumbe wa maandishi, sentensi hii utaizoea: "Habari. Sijui hata nianzie wapi." Halafu kimya. Hakuna jina, hakuna umri, hakuna tatizo. Mwongozo huu ni wa dakika kumi na tano za mwanzo baada ya ujumbe huo, na ni wa maandishi tu. Kwenye simu ya sauti una pumzi ya mtu na kigugumizi chake vya kukuongoza. Kwenye maandishi huna.

Zamu zangu za kwanza nilikuwa nikijibu hivi: "Karibu sana. Jina lako nani? Una umri gani? Tatizo lako ni nini na limeanza lini? Umeshamweleza mtu yeyote?" Nilijiona mchapakazi. Usiku mmoja mtu aliusoma ujumbe huo, nikaona ameanza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Hakurudi. Nilimtaka apange mambo kwa utaratibu, na kushindwa kuyapanga ndiko kulikomleta.

Siku hizi naichukulia sentensi ile kama hodi. Mtu akibisha hodi humwambii "sema shida yako". Unamkaribisha kwanza, anakaa, maneno yanafuata.

Hatua ya kwanza: mwondolee kazi ya kutafuta mwanzo

Jibu la kwanza lina kazi moja, kumpa ruhusa ya kutoanzia mwanzoni. Mimi huandika kitu kama hiki:

"Karibu. Si lazima uanzie mwanzoni. Anzia popote panapokujia, hata katikati, mimi nitakufuata."

Halina alama ya kuuliza, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Swali hudai jibu, na huyu ametoka kukwambia kwamba jibu hana. Tena ni fupi. Ameandika mstari mmoja, kwa hiyo usimrudishie aya nzima. Ukurasa ukijaa maneno yako, yake yanabanwa.

Kuna mambo matatu ya kuepuka hapa. La kwanza ni "usijali, kila kitu kitakuwa sawa". Hujui hicho kitu ni nini, utajuaje kitakuwa sawa? La pili ni "pole sana" ya haraka. Pole ni neno zuri, lakini linataka kitu cha kuangukia. Ukilitoa kabla hujaambiwa lolote linakuwa salamu tu, na utakapolihitaji baadaye litakuwa limeshachuja. La tatu ni kumwita dada, kaka au mama kabla hujamjua. Kiswahili kinatusaidia hapa: unaweza kuzungumza na mtu saa nzima kwa "wewe" bila kubahatisha kama ni mwanamke au mwanamume.

Hatua ya pili: subiri vizuri

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Umemjibu, na sasa dakika moja inapita, ya pili inapita. Kwenye skrini panatokea "anaandika", panapotea, panatokea tena. Kwako ni kimya, lakini kwake si kimya hata kidogo: anaandika, anafuta, anajiuliza utamwonaje. Kile kinachotokea na kupotea ni dalili njema, kinamaanisha bado anajaribu. Mimi huacha kama dakika tatu zipite bila kuandika chochote. Zikipita huandika, "Niko hapa. Andika taratibu, hakuna haraka."

Usiandike "Upo?" Neno ni dogo, lakini mtu mwenye wasiwasi hulisoma kama "unanichelewesha". Wala usiandike "Hujambo?" mara ya pili. Na kama huduma yenu hufunga mazungumzo baada ya muda fulani wa kimya, mwambie mapema na kwa upole, pamoja na njia ya kurudi. Kufungiwa ghafla katikati ya kusitasita kunauma kuliko kutojibiwa.

Nitumie kisa. Nimekiunga kutoka mazungumzo mengi ili kisimhusu mtu yeyote mmoja. Baada ya dakika nne anaandika:

"Ni mambo mengi."

Hatua ya tatu: mrudishie alichosema, kisha uliza kuhusu leo

Maneno matatu yanaonekana kama si kitu, lakini ni mwanzo alioupata mwenyewe. Usiyaruke. Nilijibu:

"Mambo mengi, na inaelekea yamekubana yote kwa pamoja. Kuna lolote lililotokea leo hadi ukaamua kuandika usiku huu?"

Sentensi ya kwanza inamrudishia maneno yake na kuongeza hatua moja ndogo ya kubahatisha, "inaelekea yamekubana". Nimesema "inaelekea" ili akiona nimekosea aweze kunisahihisha bila kunivunjia heshima. Mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye kitabu chake cha mwaka 1942 kiliueneza ushauri usiomwongoza mtu kwa amri, alichoshwa na watu waliodhani kumrudishia mtu maneno ni kuiga kama kasuku. Mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alieleza kwamba alichokuwa akikifanya ni kuhakikisha kama ameelewa sawasawa. Tofauti hiyo ukiishika, sentensi zako zinabadilika zenyewe. Ukiandika "Mambo mengi" peke yake ukaishia hapo, umeiga. Ukiongeza unachodhani umekielewa na kumwachia nafasi ya kukikataa, umesikiliza.

Sentensi ya pili inauliza kuhusu leo. Mwanzo wa tatizo unaweza kuwa miaka kumi nyuma, na pengine haujulikani. Lakini amekaa na hayo mambo mengi jana, na juzi, na hakuandika. Leo kuna kitu kimemsukuma, na kwa kawaida ni kitu kidogo chenye umbo: simu iliyopigwa, neno alilotupiwa, tarehe iliyofika. Kitu kidogo kinaandikika.

Hakuulizwa "kwa nini". Hilo ni neno la kuweka kando kwa usiku wa kwanza, maana ndani yake mna hakimu. "Kwa nini hukusema mapema?" hata ukiiandika kwa huruma inasomeka kama shtaka. Sema "nini kilifanya iwe vigumu kusema?"

Akajibu:

"Mke wangu kaniuliza mshahara unaingia lini."

Kisha, kabla sijagusa kitufe:

"Sina kazi. Mwezi wa pili huu. Kila asubuhi navaa natoka."

Mambo yote yamo humo. Angeulizwa "tatizo lako ni nini" angejaribu kuandika kuhusu fedha, ndoa, aibu, madeni na usingizi kwa mkupuo mmoja, akashindwa.

Hatua ya nne: ukishapewa, usikimbilie kutatua

Vidole vitakuwasha uandike "mweleze tu mkeo ukweli". Zuia. Hajakuuliza afanye nini. Niliandika: "Miezi miwili unavaa na kutoka kila asubuhi, na siri hiyo unaibeba peke yako. Pole. Leo alipokuuliza, ikawaje?" Sasa pole ina pa kukaa. Na swali ni moja. Ukiuliza mawili, atajibu lile jepesi na lingine litapotea.

Kama "sijui" inaendelea

Si kila mtu hufunguka kwa swali la leo. Wengine hujibu "sijui tu". Hapo mpe milango michache: "Tuseme inahusu zaidi kitu kilichotokea, au mtu fulani, au namna unavyojisikia ndani? Au hakuna hata moja kati ya hayo." Mlango wa mwisho ni muhimu. Bila huo, mtu mpole atachagua mmoja wa mitatu ili kukuridhisha, nanyi mtapotea nusu saa njiani. Usizidishe milango, mingi inamrudisha kulekule kwenye kuchagua.

Ukiona anaandika "samahani kukusumbua", "huenda ni upuuzi", "wengine wana shida kubwa zaidi", basi kusita kwake si kwa wingi wa mambo, ni kwa aibu. Milango haisaidii aibu. Kinachosaidia ni kumweleza kitakachotokea akisema: nani anasoma, ujumbe unahifadhiwa au la, na ni wakati gani tu unaweza kulazimika kumhusisha mtu mwingine. Sema kweli yote, pamoja na sehemu hiyo ya mwisho. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza.

Na wako wasiotaka kusema lolote usiku huo. Wamekuja kupima kama mlango unafunguka. "Ukitaka tukae tu kidogo bila kusema mengi, ni sawa" ni jibu kamili, si la kujitetea.

Pale upole unapotaka swali la moja kwa moja

Nyuma ya "sijui nianzie wapi" mara nyingine kuna "nimechoka na haya maisha", "sioni mbele", "bora nisingekuwepo". Maneno kama hayo yakitokea, milango na mafumbo vinakoma. Uliza wazi:

"Umeandika kwamba umechoka na maisha. Je, unafikiria kujiua?"

Wanafunzi wangu wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo. Utafiti uliofanywa kwa vijana na kwa watu wazima haukuonyesha hivyo, na wengi wakiulizwa huonekana kupata nafuu ya kutolazimika kuficha. Kuuliza kwa kuzunguka, "hufikirii mambo mabaya, sivyo?", ndiko kubaya, kwa kuwa unamwonyesha jibu unalotaka kulisikia, naye atakupa.

Akisema ndiyo, uliza kama ameshapanga namna, kama alichopanga kukitumia kiko karibu naye, na kama kuna mtu yuko naye sasa. Kama mpango upo na kifaa kipo, mazungumzo ya taratibu yamefika mwisho wake. Ni wakati wa kumwomba aende alipo mtu, akiweke kifaa mbali, na kumwita msimamizi wako na huduma ya dharura kwa utaratibu mliokubaliana. Usiyabebe peke yako, na usiondoke kwenye skrini mpaka ujue yuko na nani.

Yule wa mshahara nilimuuliza pia, kwa sababu aliandika "sijui kesho nitavaa niende wapi" na sikuweza kujua alimaanisha nini. Akajibu hapana, alimaanisha kesho tu, ile ya nguo na viatu. Tukaendelea na kesho.