Somo: Fezi tatu na pawa fakta, kwa mota moja ya mashine ya kusaga

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa notisi zake, na chini ya fomula hii alikuwa amechora alama tatu za kuuliza:

```
P = √3 × V × I × cosφ
```

Kila alama ilikuwa na swali lake. Hiyo 1.732 imetoka wapi? V ni ipi, 400 au 230? Na φ ni pembe kati ya nini na nini? Nilicheka kidogo, maana hata mimi nilifaulu mtihani wa somo hili nikiwa sijui jibu la swali la tatu.

Tuchukue mota ya mashine ya kusaga nafaka. Bamba lake linasomeka hivi: 15 kW, 400 V, 50 Hz, cosφ 0.82, ufanisi 90%, imeungwa delta. Dawa ninayompa ni moja tu: shughulika na koili moja, kisha zidisha kwa 3. Ukishika hilo, fomula inajileta yenyewe.

Hatua ya 1: Itafute 1.732 kwa penseli

Kutoka fezi yoyote hadi nyutro kuna takriban volti 231, ambazo tumezoea kuziita 230. Fezi zinapishana kwa nyuzi 120, yaani kila moja inafika kileleni theluthi ya mzunguko baada ya mwenzake. Chora mishale miwili yenye urefu wa 231 kutoka nukta moja, ikiachana kwa nyuzi 120. Sasa unganisha ncha zake. Mstari huo ndio volti ya kati ya fezi na fezi.

Ukiugawa mchoro katikati unapata pembetatu mbili za mraba, kila moja ina nyuzi 60 kwenye ile nukta. Nusu ya mstari ni 231 × 0.866, yaani 200. Mstari mzima ni 400. Kumbe 1.732 haina muujiza wowote: ni mara mbili ya saini ya nyuzi 60. Na ndiyo maana huwezi kujumlisha 231 na 231 ukapata 462, kwa sababu fezi hizo mbili hazifiki kileleni pamoja.

Hatua ya 2: Pata ampea, lakini soma bamba vizuri

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Zile 15 kW za kwenye bamba ni nguvu inayotoka kwenye shafti, siyo inayoingia kutoka kwenye nyaya. Inayoingia ni 15 ÷ 0.9, sawa na 16.67 kW. Ukisahau ufanisi, utachagua waya mwembamba kuliko unaotakiwa. S hapa chini ni nguvu jumla ambayo waya unabeba; tutaieleza kwenye Hatua ya 3.

```
S = 16.67 ÷ 0.82 = 20.33 kVA
I = 20 330 ÷ (1.732 × 400) = 29.3 A
```

Sasa hakiki kwa koili moja. Kwenye delta, kila koili imekaa kati ya fezi na fezi, kwa hiyo inapata volti 400 kamili. Ila mkondo wa kila waya unagawanyika kwenye koili mbili zinazokutana pale, na kwa hesabu ile ile ya mishale, koili inapata 29.3 ÷ 1.732, yaani 16.9 A. Nguvu yake ni 400 × 16.9 × 0.82, karibu 5.55 kW. Mara 3, tumerudi kwenye 16.67 kW.

Ingekuwa mota ya nyota, koili ingepata volti 231 na mkondo wote wa 29.3 A. Zidisha pamoja na 0.82: 5.55 kW ile ile. Delta inapunguza mkondo, nyota inapunguza volti, na kipeuo cha 3 kinatokea mara moja tu kwenye fomula. Ndiyo maana P = √3VI cosφ inafaa kote kuwili, mradi V na I ni zile unazopima kwenye nyaya zinazoingia.

Lakini φ siyo pembe kati ya V na I hizo! Ni pembe ya ndani ya koili, kati ya volti ya koili na mkondo wa koili hiyo hiyo. Kwa mota yetu ni nyuzi 34.9. Kati ya volti ya fezi na fezi na mkondo wa waya kuna nyuzi 30 za ziada, kwa kujumlisha au kutoa. Liweke akiba hilo, litarudi kwenye maswali.

Hatua ya 3: Pawa fakta, yaani habari ya kuazima kinu

Mota haizunguki bila sumaku, na sumaku hiyo inajengwa na kubomoka mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa 50 Hz. Ikijengwa, inavuta nishati kutoka kwenye laini. Ikibomoka, inairudisha. Ni kama jirani anayekuja kuazima kinu na kukirudisha: kinu hakikupungua, lakini mtu amekibeba njia nzima, kwenda na kurudi. Waya ndiyo hiyo njia, na unapata joto kwa safari zote mbili.

Kwa hiyo tuna nguvu ya kazi P, inayosaga mahindi; nguvu ya sumaku Q, inayokwenda na kurudi; na nguvu jumla S, ambayo waya na transfoma lazima ziibebe. Zinakaa kama pembetatu ya mraba, S ikiwa upande mrefu. Pawa fakta ni P ÷ S, na ndiyo ile cosφ ya kwenye bamba.

```
Q = P × tanφ = 16.67 × 0.698 = 11.6 kVAr
```

Hatua ya 4: Kapasita ya kiasi gani?

Kapasita nayo inaazima na kurudisha, ila kwa zamu ya kinyume: sumaku inapovuta, yenyewe inatoa. Ukiiweka karibu na mota, kinu kinabaki baina ya majirani wawili na njia kuu inapumzika. Tuseme tunataka kufika 0.95, ambako tanjenti ya φ ni 0.329.

```
Qc = 16.67 × (0.698 − 0.329) = 6.15 kVAr
```

Kapasita tatu zikiungwa delta, kila moja inabeba 2.05 kVAr kwa volti 400:

```
C = Q ÷ (2πf × V²)
  = 2050 ÷ (314 × 160 000) ≈ 41 µF
```

Ungeziunga nyota ungehitaji karibu 122 µF kila moja, mara tatu zaidi, kwa sababu volti ipo kwa kipeo cha pili. Ndiyo maana nyingi huungwa delta. Lakini kapasita ya volti 230 usiiweke kwenye delta, itapasuka.

Mkondo kwenye laini sasa ni 17.54 kVA ÷ (1.732 × 400), yaani 25.3 A. Upotevu wa joto kwenye waya unafuata kipeo cha pili cha mkondo, hivyo umeshuka kwa robo hivi. Zingatia kwamba mota yenyewe haikubadilika hata kidogo. Yenyewe bado inavuta 29.3 A. Kilichopumzika ni nyaya zilizo kabla ya kapasita.

Usitamani kufika 1.00. Kapasita iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota, ikizidi, inaweza kuifanya mota izalishe umeme wake yenyewe pale unapozima, maana shafti bado inazunguka na kapasita inalisha sumaku. Volti inaweza kupanda juu ya kawaida na kuharibu vitu. Kanuni ya mafundi ni kwamba mkondo wa kapasita usizidi 90% ya mkondo wa sumaku wa mota inapozunguka bila mzigo. Kabla ya kugusa, zima, subiri dakika 5, kisha pima kwanza. Kapasita huwa haitoi taarifa kwamba bado ina chaji.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimenunua kile kifaa cha kuchomeka ukutani cha "kuokoa umeme". Luku inaisha vile vile. Nimekosea kukifunga?*

Marahaba. Hujakosea kukifunga, ulikosea kukinunua. Ndani yake mara nyingi kuna kapasita ndogo tu. Mita ya nyumbani inahesabu kWh, yaani P, na kapasita haigusi P. Faida ya kurekebisha pawa fakta inaonekana kwenye bili ya mteja mkubwa, kwa sababu Tanzania na Kenya wateja wa aina hiyo hutozwa pia kwa kilele cha kVA cha mwezi. Mwenye mashine ndogo anayelipia uniti tu atapata nafuu ya waya na breka, siyo ya uniti.

*Kaka, mota yangu inaanza kwa nyota, halafu inahamia delta. Nifunge kapasita kwenye vituo vya mota?*

Hapana. Wakati wa kuhama, mota inaachwa kwa muda mfupi bila laini, na kapasita ikiwa imeshikamana nayo ndipo lile tatizo la kujizalishia umeme linapotokea. Laini ikirudi inakutana na volti isiyolingana nayo, na kontakta zinaungua. Ifunge upande wa laini, kwa kontakta yake yenyewe inayoingia baada ya delta kukamilika. Na kama mtu ana mota ya kuanza moja kwa moja, na amefunga kapasita baada ya ovalodi: ovalodi sasa inaona 25.3 A badala ya 29.3, basi ishushe. Ukiiacha pale pale, mota itazidiwa na ovalodi itakaa kimya.

*Maabara tulipima mota kwa watimita mbili. Ikiwa na mzigo zote zilisoma vizuri. Tulipotoa mzigo, moja ikarudi nyuma ya sifuri. Msimamizi akasema tumeunga vibaya. Ni kweli?*

Inawezekana kabisa mliunga sawa. Kumbuka zile nyuzi 30. Kila watimita inapima volti ya fezi na fezi pamoja na mkondo wa waya, kwa hiyo moja inaona cos(30 − φ) na nyingine cos(30 + φ). Kwa mota yetu yenye mzigo kamili, ya kwanza inasoma 11.69 kW na ya pili 4.98 kW. Jumla ni 16.67 kW, ile ile.

Ukitoa mzigo, kazi inakwisha lakini sumaku inabaki. Tuseme mota inavuta 12 A na kutumia 0.8 kW tu ya msuguano na joto. S ni 8.3 kVA, pawa fakta inaanguka hadi karibu 0.1, na φ inakuwa nyuzi 84 hivi. 30 + 84 ni 114, na kosaini ya 114 ni hasi. Sindano lazima irudi nyuma. Kila pawa fakta inaposhuka chini ya 0.5, watimita ya pili inakuwa hasi; ikiwa 0.5 kamili inasoma sifuri.

Geuza koili ya volti ya watimita hiyo, soma namba, halafu itoe badala ya kuijumlisha. Kama mnataka kuhakikisha muungo wenu, rudisheni koili hiyo ilivyokuwa, kisha ongezeni mzigo taratibu: sindano ikipita sifuri na kuanza kupanda kwenda upande wa kawaida, mwiteni msimamizi aje kuangalia.